Hati 156 za Umoja wa Mataifa: kwa nini kesi ya Lubanga ilisimama mwaka 2008

Tarehe 13 Juni 2008, siku kumi tu kabla ya kesi ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu kuanza kusikilizwa kule La Haye, majaji watatu waliisimamisha. Mshtakiwa alikuwa Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC kule Ituri. Shtaka lake lilikuwa kuandikisha na kutumia watoto chini ya miaka 15 katika vita, wale ambao sisi huku tunawaita kadogo. Na kilichosimamisha kesi hakikuwa ushahidi kupotea wala mshtakiwa kuugua. Ilikuwa ni karatasi. Karatasi ambazo mwendesha mashtaka alikuwa nazo kabatini, zingine zikiwa na habari za kumsaidia mshtakiwa, lakini alikuwa ameahidi kutozionyesha kwa mtu yeyote. Hata majaji wenyewe.

Ndugu na dada wa ukurasa huu, mimi nilikuwa bado mtoto wakati ule, hapa kartye ya Cimpunda, lakini nakumbuka namna habari ilivyofika kwa redio na namna watu wazima wa avenyu yetu walivyoielewa: "Bazungu bamemuachilia!" Basi, ikaisha hapo. Nilipoanza kusoma sheria ndipo nilipoikuta tena hadithi hii, na nikaona kwamba ni mlango mzuri sana wa kuelewa jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka darasani: serikali, au shirika lenye nguvu kama serikali, inaposema "hati hii ni ya siri, mahakama haiwezi kuiona," nani anaamua kama hiyo siri ni ya kweli?

Waingereza ndio walioipa swali hili jina. Wanaliita kinga ya maslahi ya umma: haki ya kukataa kutoa hati kortini kwa sababu kuitoa kungeumiza nchi nzima, si mtu mmoja. Kuna kesi zao mbili ambazo ni vizuri kuzijua kabla ya kurudi Ituri, maana moja ya majaji wa Lubanga, Adrian Fulford, alikulia ndani ya sheria hiyo.

Ya kwanza ni ya nyambizi. Tarehe 1 Juni 1939 nyambizi mpya iliyoitwa Thetis ilizama katika ghuba ya Liverpool ikiwa kwenye majaribio, na watu 99 wakafa. Familia zao zikaishtaki kampuni iliyoijenga, Cammell Laird, na zikaomba kuona michoro na mkataba wa ujenzi. Waziri wa jeshi la majini akakataa. Mwaka 1942, vita na Hitler ikiwa imepamba moto, mahakama ya juu kabisa ikasema neno lililodumu miaka mingi: waziri akitoa pingamizi lake kwa njia inayofaa, imekwisha, jaji hana ruhusa ya kufungua hati na kupima mwenyewe. Wakati ule watu wengi waliona ina maana. Nani angetaka adui aone michoro ya nyambizi?

Shida ni kwamba kanuni iliyozaliwa na nyambizi ikaja kutumika kwa mambo madogo madogo. Mwaka 1968 kesi ya pili ikafika kwenye mahakama ileile. Askari polisi mchanga anayeitwa Conway, aliyekuwa bado katika muda wa majaribio ya kazi, alishtakiwa na mkubwa wake, Rimmer, kwamba ameiba tochi ya mwenzake. Ndiyo, tochi. Akashinda kesi, lakini kazi akapoteza. Alipomshtaki Rimmer kwa kumsingizia, waziri wa mambo ya ndani akasema ripoti zilizoandikwa juu yake ni siri ya serikali. Safari hii majaji walikataa kupiga magoti. Walisema kazi ya kupima, upande mmoja madhara ya kufichua, upande mwingine madhara ya kunyima haki, ni kazi ya mahakama, na jaji akiwa na mashaka anaweza kuisoma hati faraghani. Wakazisoma zile ripoti. Hawakuona ndani yake kitu chochote cha kuitikisa Uingereza, na zikatolewa.

Huo ndio moyo wa jambo lote. Siri inaweza kuwepo, hakuna anayebisha. Lakini mwenye siri hawezi kuwa yeye huyohuyo anayehukumu kama siri yake inastahili. Majirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania walirithi sheria za ushahidi za ukoo huo wa Kiingereza, kwa hiyo mabishano haya yako hata kwenye korti zao. Sisi tulirithi kwa Wabelgiji, ambako mtu anazungumza zaidi juu ya siri ya uchunguzi na siri ya ulinzi, na maneno "kinga ya maslahi ya umma" mwanafunzi wa drwa wa Bukavu anaweza kumaliza masomo bila kuyasikia. Ila kesi ya Lubanga iliyaleta mpaka mlangoni petu, na wala si kwa mkono wa serikali: aliyedai siri alikuwa Umoja wa Mataifa.

Sasa twende Ituri. Wachunguzi wa mwendesha mashtaka, Luis Moreno-Ocampo, walianza kazi yao huko mwaka 2004. Ebu fikiria Bunia ya miaka ile. Barabara hazipitiki, makundi yenye silaha bado yapo, na shahidi akionekana anaongea na mgeni anaweza kuuawa usiku uleule. Walioijua Ituri kwa undani, kijiji kwa kijiji, walikuwa watu wa MONUC na mashirika ya kibinadamu. Wao walikuwa na ripoti za kila siku, majina, ramani, maneno ya watu waliokimbia. Kwa hiyo wachunguzi walibisha hodi kwao. Na hao wakajibu: sawa, tutawapa, lakini kwa masharti.

Masharti hayo yalikuwa na msingi katika Mkataba wa Roma wenyewe. Ibara ya 54(3)(e) inamruhusu mwendesha mashtaka kukubali kutofichua hati alizopewa kwa siri, pale ambapo hati hizo zinatumika tu kumfikisha kwenye ushahidi mpya. Neno la kushika hapo ni "tu". Maana yake: mtu wa MONUC anakunong'oneza kwamba katika kambi fulani kuna watoto wenye bunduki. Huwezi kuupeleka mnong'ono ule kortini. Unautumia kama daraja, unaenda mpaka kwenye kambi ile, unatafuta mashahidi wako, video yako, daftari lako, na hivyo ndivyo unavyovipeleka mbele ya majaji. Yule aliyekunong'oneza anabaki salama.

Kwa haki, Umoja wa Mataifa hawakuwa wanacheza. Tarehe 25 Februari 2005 askari tisa wa kulinda amani kutoka Bangladesh waliuawa kwa shambulio moja palepale Ituri. Ukiwa mkubwa wa MONUC, ukijua kwamba jina la mtoa habari wako linaweza kusomwa kortini na kesho yake likafika Bunia, utaomba siri. Mimi pia ningeiomba.

Kosa lilikuwa pengine. Ibara ile ilitengenezwa kwa matukio ya pekee, lakini ofisi ya mwendesha mashtaka iliitumia kama barabara kuu. Walipokea hati kwa wingi chini ya ahadi ya siri, wazisome baadaye, halafu zile zinazofaa waombe ruhusa ya kuzitumia. Na katika kuzisoma wakakuta kitu ambacho hawakukipangia: zingine zilikuwa zinamsaidia Lubanga. Hapo Mkataba wa Roma una ibara nyingine, ya 67(2), ambayo inamwamuru mwendesha mashtaka kumpa mtetezi, mapema iwezekanavyo, ushahidi wowote unaoonyesha au kuelekea kuonyesha kwamba mshtakiwa hana hatia, au unaopunguza hatia yake, au unaotia mashaka ushahidi wa mashtaka. Ibara moja inasema funga mdomo, nyingine inasema sema. Na alizisaini zote mbili, kwa namna ya kusema.

Hati zenye shida zilikuwa zaidi ya 200, na 156 kati yake zilikuwa za Umoja wa Mataifa. Zingine zilitoka kwa mashirika ambayo hata majina yake hayakutajwa waziwazi. Ndani yake kulikuwa na nini? Mwendesha mashtaka mwenyewe alizipanga kwa makundi: habari zinazoonyesha kwamba Lubanga alijaribu kuwatoa watoto jeshini, kwamba hakuwa na mamlaka ya kutosha juu ya waliotenda makosa, kwamba kundi lake lilikuwa linaongozwa kutoka nje, Uganda au Rwanda, na mambo kama hayo. Wewe uliye na akili za Kivu unaona mara moja: haya si mambo ya pembeni. Swali la nani alikuwa anaamuru nani, Kinshasa, Kampala au Kigali, ndilo swali lenyewe la vita vyetu.

Chukua mfano niliotunga mimi, ili tuone inavyofanya kazi. Ripoti ya MONUC ya mwaka 2003 inasema kwamba mtu wa ndani ya UPC alieleza jinsi amri ya kuwarudisha watoto nyumbani ilivyotolewa, na jinsi makomanda fulani walivyoipuuza. Kwa mashtaka, ripoti hii inaonyesha kwamba watoto walikuwepo. Kwa mtetezi, inaonyesha kwamba mkubwa alikataza. Wakili wa Lubanga, kama hajui kwamba ripoti hiyo ipo, hawezi kuuliza shahidi swali moja juu yake. Hawezi hata kujua kuna swali la kuuliza. Na jaji akiwa hajaiona, hawezi kujua kama kinachofichwa ni kidogo au ni nusu ya ukweli.

Mwendesha mashtaka alipendekeza njia za kuzunguka. Kumpa mtetezi muhtasari. Kumpa ushahidi mwingine unaofanana. Kukubali baadhi ya mambo bila kuyabishania. Njia hizi si mbaya, na mahakama nyingi duniani zinazitumia. Lakini majaji Fulford, Odio Benito na Blattmann waliuliza jambo moja rahisi: tutajuaje kwamba muhtasari wako unafanana na hati, kama hati yenyewe hatuioni? Mtu anayepima mchele wake mwenyewe gizani na kukuambia kilo imetimia, utamwamini kwa sababu gani? Wenye hati walikuwa wamekataa hata majaji wasizione. Kwa hiyo majaji wakasema kesi ya haki haiwezekani, wakasimamisha kila kitu, na tarehe 2 Julai wakaamuru Lubanga aachiliwe.

Ndipo zile kelele za avenyu yetu. Kumbe hakutoka hata siku moja. Mwendesha mashtaka alikata rufaa na mahakama ya rufaa ikazuia kufunguliwa kwake mpaka rufaa isikilizwe. Wakati huo Umoja wa Mataifa ukaanza kulegea kidogo kidogo: majaji waone baadhi ya hati, zikiwa zimefutwa sehemu, na zingine wazitazame kwa masharti makali. Tarehe 3 Septemba majaji wakakataa mapatano hayo. Hapo ndipo ninapomheshimu Fulford kuliko mahali pengine pote, kwa sababu ingekuwa rahisi kwake kusema "afadhali kidogo kuliko hakuna" na kesi ikaendelea, na dunia nzima ilikuwa inamsukuma aendelee.

Tarehe 21 Oktoba 2008 mahakama ya rufaa ikatoa hukumu, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayostahili kusomwa polepole na yeyote anayefikiria kuwa avoka. Ilikubali kwamba kesi ilisimamishwa kwa haki. Ilisema ibara ya 54(3)(e) ni kwa ajili ya kupata ushahidi mpya tu, na mwendesha mashtaka asiitumie kwa namna itakayomfunga mikono baadaye. Ilisema pia kwamba majaji wanapaswa kuziona hati, ili wao, si mwendesha mashtaka, waamue kama zingepaswa kutolewa kwa mtetezi. Ila hapa inatofautiana na Waingereza: jaji wa La Haye hawezi kuvunja ahadi ya siri. Hawezi kuamuru hati itolewe kwa mtetezi bila ruhusa ya aliyeitoa. Akishaisoma na kuona kwamba mtetezi anaihitaji, na mwenyewe akikataa, jaji anatafuta kama kuna njia ya kufidia, kama ule muhtasari. Isipokuwepo, kesi haiendelei.

Angalia nguvu iliyofichwa hapo. Mahakama hiyo haina polisi, haina jeshi, haiwezi kutuma mtu kuvunja kabati la Umoja wa Mataifa New York. Silaha yake ni kukataa kuhukumu. Inamwambia mwenye siri: siri ni yako, iweke, lakini basi hutapata hukumu. Na silaha ilifanya kazi. Mwishowe Umoja wa Mataifa na wengine wote waliotoa hati wakakubali majaji wazisome zote bila kufutwa neno. Tarehe 18 Novemba zuio likaondolewa, na tarehe 26 Januari 2009 kesi ikaanza. Kama kilichokuwa hakiwezekani mwezi Juni kiliwezekana mwezi Novemba, na hakuna aliyelipua jengo, mimi nina ruhusa ya kufikiri kwamba lile "hapana" la kwanza lilikuwa limetolewa haraka mno.

Lakini tusiifanye hadithi hii kuwa tamu kupita kiasi. Miezi hiyo saba ililipwa na watu wa Ituri. Wazazi waliokuwa wanangoja kusikilizwa, vijana waliokuwa kadogo na sasa wanaitwa mashahidi, hakuna hata mmoja wao aliyeweka masharti ya siri na MONUC, na hakuna aliyewaeleza vizuri kwa nini kesi imelala. Na somo halikushika mara moja. Julai 2010 kesi ilisimamishwa tena, kwa sababu mwendesha mashtaka alikataa kutekeleza amri ya majaji ya kumfahamisha mtetezi jina la mmoja wa watu aliowatumia kuwatafuta mashahidi. Safari hiyo mahakama ya rufaa iliondoa zuio, ikisema majaji wangejaribu kwanza adhabu nyingine. Hukumu ilikuja tarehe 14 Machi 2012: ana hatia, na baadaye miaka 14 jela. Majaji walikataa kutegemea maneno ya wengi wa vijana waliojitambulisha kama kadogo wa zamani, kwa sababu hao watu wa kati huenda waliwafundisha la kusema. Moja ya vitu vilivyobeba kesi ilikuwa video ya tarehe 12 Februari 2003, Lubanga akitembelea kambi ya Rwampara, mbele yake wamesimama watoto. Video, ambayo kila mtu ukumbini aliweza kuiona.

Kwa nini niwachoshe na haya sisi watu wa Bukavu, tusio wa Ituri? Kwa sababu tuna kabati letu. Ile ripoti ambayo wote tunaiita Mapping, iliyotolewa na Umoja wa Mataifa tarehe 1 Oktoba 2010, inaeleza matukio 617 ya miaka 1993 hadi 2003, na kurasa za Kivu ya Kusini ni nyingi. Majina ya wanaoshukiwa hayamo ndani yake. Yamewekwa kando, katika hazina ya siri, kwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu. Daktari Mukwege aliposimama Oslo tarehe 10 Desemba 2018 kupokea Nobel alilalamika kwamba ripoti hiyo inaoza katika droo ya ofisi huko New York. Kila mwaka mwezi Oktoba vijana wanauliza: majina yatatoka lini?

Mimi nadhani swali la avoka ni tofauti kidogo. Siku jaji, wa hapa au wa mahakama maalumu tunayoiomba, atakapoomba hati kutoka hazina ile, je, ataruhusiwa kuisoma yeye mwenyewe, nzima, kabla ya mtu yeyote kuamua ni mistari gani ya kufuta? Na mwendesha mashtaka wa siku hiyo, je, ataijenga kesi yake juu ya majina aliyopewa kwa kunong'onezwa, au atayatumia kama daraja, aende Kasika, aende Makobola, atafute mashahidi wake? Mtoa habari wa mwaka 1998 anaweza kuwa bado yuko hai, jirani na aliyemtaja, kwa hiyo kuficha jina lake kunaweza kuwa lazima. Mtetezi naye atakuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyesema, alikuwa amesimama wapi, na aliona nini. Mtu anayetaka kuandika memwari ya drwa asiyejua aanzie wapi, aanzie kwenye hukumu ile ya rufaa ya Oktoba 2008. Iko wazi kwenye tovuti ya mahakama, kwa Kifaransa pia.